Uotee au uache? Namna ya kuamua pale jibu baya linapokata alama

Kwenye mtihani wa kuchagua jibu usiokata alama, hakuna cha kufikiria: jaza kila swali, hata lile usilolielewa kabisa. Shida huanza pale karatasi inapoandika kwamba kila jibu baya litakatwa sehemu ya alama. Hapo watahiniwa wengi huamua kwa moyo tu. Mwenye roho ngumu huotea kila kitu, mwoga huacha hata maswali aliyoyajua nusu, na wote wawili hupoteza alama ambazo wangeweza kuzipata.

Uamuzi huu una hesabu, tena ndogo. Unahitaji namba mbili. Ya kwanza ni kizingiti cha mtihani wako, yaani uwezekano wa chini kabisa wa kupatia unaofanya kuotea kulipe. Ya pili ni uwezekano wako mwenyewe wa kupatia swali la aina ile. Zote mbili hutafutwa kabla ya siku ya mtihani. Ukiwa ndani ya chumba unabaki kulinganisha tu.

Hatua ya 1: Tafuta kizingiti

Soma kanuni ya alama kisha jiulize swali moja: jibu moja sahihi linalipia makosa mangapi? Chukua idadi hiyo, ongeza moja, na kizingiti chako ni 1 kati ya jumla hiyo.

Tuseme jibu sahihi lina alama 1 na jibu baya linakata theluthi moja ya alama. Jibu moja sahihi linalipia makosa matatu. Tatu ongeza moja ni nne, kwa hiyo kizingiti ni 1 kati ya 4. Ukiotea maswali manne ukapatia moja tu, umetoka sare: hukupata, hukupoteza. Ukiweza kupatia zaidi ya moja katika kila manne, kuotea kunakulipa. Ukipatia pungufu ya hapo, bora uache.

Kanuni nyingine nazo ni hivyo hivyo. Jibu baya likikata nusu ya alama, jibu sahihi linalipia makosa mawili, na kizingiti ni 1 kati ya 3. Likikata alama nzima, jibu sahihi linalipia kosa moja tu, na kizingiti kinapanda hadi 1 kati ya 2. Likikata robo, kizingiti kinashuka hadi 1 kati ya 5. Kwa anayependa kuiandika kama fomula:

```
kizingiti = adhabu / (alama + adhabu)
```

Ipo mitihani inayoficha adhabu. Shindano la hisabati la AMC 12 la Marekani, kwa mfano, lina maswali 25 yenye machaguo matano kila moja: jibu sahihi ni alama 6, jibu baya ni 0, na swali lililoachwa wazi ni alama 1.5. Haionekani kama kuna kukatwa, lakini kupo. Anayeotea anaacha 1.5 iliyokuwa mkononi. Akikosea amepoteza hiyo 1.5, na akipatia ameongeza 4.5 juu yake. Jibu moja sahihi linalipia makosa matatu, kwa hiyo kizingiti ni 1 kati ya 4. Kila unapoona swali lililoachwa linapewa alama, piga hesabu ukianzia kwenye alama hiyo, usianzie kwenye sifuri.

Hatua ya 2: Linganisha kizingiti na kuotea gizani

Kuotea gizani ni kuchagua bila kujua chochote. Kwenye machaguo manne unapatia 1 kati ya 4, na kwenye matano 1 kati ya 5. Watunzi wengi hupanga adhabu ili anayeotea gizani atoke sare: machaguo manne na theluthi, machaguo matano na robo. Mtihani wa SAT ulikuwa hivyo kabla ya 2016, ukiwa na machaguo matano na kukatwa robo, kisha adhabu ikaondolewa. Lengo la mpango huo si kumwadhibu anayeotea. Ni kuhakikisha bahati tupu haimpi mtu faida. Maana yake kwako ni kubwa: kwenye mtihani wa namna hiyo, ukiweza kufuta chaguo moja tu kwa haki, tayari upo juu ya kizingiti.

Ila si mitihani yote iliyopangwa kwa usawa huo. NEET, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari nchini India, hutoa alama 4 kwa jibu sahihi na kukata 1 kwa jibu baya, kwa machaguo manne. Jibu moja linalipia makosa manne, kizingiti ni 1 kati ya 5, ilhali hata anayeotea gizani anapatia 1 kati ya 4. Kwa wastani anaongeza robo ya alama kwa kila swali. Anayeliacha swali hapo anaacha alama, ingawa neno “adhabu” limemtisha. Kinyume chake, mtihani wa ndiyo au hapana unaokata alama nzima hauna huruma yoyote: kizingiti ni nusu, na kuotea gizani kunakufikisha hapo hapo, bila faida.

Hatua ya 3: Jua kufuta chaguo ni nini hasa

Hapa ndipo watu wengi hujidanganya, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua swali hili: Sayari ipi hujizungusha kwenye mhimili wake kwa muda mfupi zaidi? A. Dunia. B. Mshtarii. C. Zohali. D. Zuhura. Mtahiniwa hakumbuki jibu. Anajua hata hivyo kwamba siku ya Dunia ni saa 24 na kwamba sayari kubwa za gesi huzunguka upesi kuliko hivyo, kwa hiyo anafuta A. Anajua pia kwamba Zuhura ni maarufu kwa kuzunguka polepole, inachukua siku nyingi sana, kwa hiyo anafuta D. Zimebaki mbili. Hata akifumba macho na kuchagua kati ya Mshtarii na Zohali, anapatia 1 kati ya 2, mara mbili ya kizingiti cha 1 kati ya 4. Swali la namna hii halipaswi kuachwa kamwe kwenye mtihani unaokata theluthi. (Jibu ni Mshtarii, kwa muda wa karibu saa 10. Zohali inaifuata kwa karibu.)

Tazama alichokitumia kufuta: ukweli anaoweza kuutaja. Hiyo ndiyo alama ya kufuta kwa haki. Unaweza kusema kwa sentensi moja kwa nini chaguo hilo haliwezi kuwa jibu.

Sasa angalia swali lingine: Mji mkuu wa Australia ni upi? A. Sydney. B. Melbourne. C. Canberra. D. Perth. Mtu asiyejua anaona Sydney ndilo jina alilolisikia mara nyingi, na Canberra halijui. Anaifuta Canberra kwa kuwa “haisikiki”, anajihesabia kwamba zimebaki tatu, kisha anachagua Sydney. Jibu ni Canberra. Kwenye swali hili, mtu asiyejua kitu ana nafasi ndogo kuliko 1 kati ya 4, kwa sababu mtunzi ameweka chambo, na chambo kimewekwa pale pale hisia zinapoelekea. Kutolijua jina si sababu ya kulifuta.

Kuna kipimo kinachosaidia. Kwenye machaguo manne, chaguo lolote ukiliokota bila kuangalia lina uwezekano wa asilimia 75 wa kuwa baya. Kwa hiyo ukisema “nina uhakika wa asilimia 75 kwamba hili si jibu”, bado hujafuta chochote. Umesema tu kile ambacho ungekisema ukiwa umefumba macho. Uhakika ukiwa asilimia 90, machaguo matatu yaliyobaki yanagawana hiyo 90, kila moja 30. Hapo umevuka 25, lakini si kwa sana, na si ile 33 uliyodhani unayo. Ndiyo maana nashauri ufute chaguo pale tu unapoweza kutaja sababu. Lisilo na sababu libaki, hata kama linakukera.

Hatua ya 4: Jipime nyumbani

Namba ya pili, ile ya uwezekano wako mwenyewe, haipatikani kwa kukisia. Inapatikana kwa mitihani ya majaribio, kwa njia hii.

Fanya jaribio chini ya muda ule ule wa mtihani. Jibu kila swali, hata lile ambalo siku yenyewe ungeliacha, lakini kando ya kila swali weka ishara kabla ya kuhamia jingine. Alama ya vema kama unajua. Namba 2 kama yamebaki machaguo mawili. Namba 3 kama yamebaki matatu. Sifuri kama hujafuta chochote. Ukimaliza, sahihisha kila kundi peke yake na uandike: ya vema nimepatia ngapi kati ya ngapi, ya 2 ngapi kati ya ngapi, na kadhalika.

Rudia kwa majaribio kadhaa na ujumlishe. Usiamini kundi lenye maswali kumi na mawili. Kwa idadi ndogo hivyo, mtu mwenye uwezo wa 1 kati ya 3 anaweza kupata mawili au saba kwa bahati tu. Kundi likifika maswali hamsini hivi ndipo namba inaanza kusema ukweli.

Unachotafuta ni tofauti kati ya ulichotarajia na kilichotokea. Kundi la 2 likitoa karibu nusu, au zaidi, unafuta vizuri. Kundi la 3 likitoa chini ya robo, kuna chambo kinakukamata, na kwako wewe kundi hilo ni la kuacha hata kama hesabu ya jumla inasema lijibiwe. Rudi kwenye maswali hayo uone ulifuta nini. Mara nyingi utakuta jibu sahihi ndilo ulilolifuta.

Uoga nao hujitokeza hapa. Ukikuta maswali ya kundi la sifuri unapatia 40 kati ya 100, maana yake unajua zaidi kuliko unavyokubali, na siku ya mtihani utakuwa ukiacha maswali ambayo yangekulipa. Hili si la mtu mmoja mmoja tu. Katherine Baldiga, mchumi, alichapisha utafiti mwaka 2014 akitumia maswali ya mazoezi ya historia ya SAT: adhabu ilipokuwepo, wanawake waliruka maswali mengi kuliko wanaume, na wenye ujuzi sawa waliishia na alama pungufu kwa sababu ya kuruka huko. Adhabu ilipoondolewa, kila mtu alijibu yote. Ukijijua ni mrukaji, iamini karatasi ya majaribio kuliko moyo wako.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya mtihani mzima

Tuchukue mtihani wa maswali 100, machaguo manne, alama 1 kwa jibu sahihi na kukatwa theluthi kwa jibu baya. Mtahiniwa amepita mara moja na kuyagawa maswali hivi: 50 ya vema, 18 ya kundi la 2, 15 ya kundi la 3, na 17 ya sifuri.

Majaribio yake yanasema maswali ya vema hukosea machache. Tuweke kwamba katika hayo 50 atapatia 47 na kukosea 3. Makosa matatu yanakata alama 1, hivyo ana 46. Kundi la 2 analipatia nusu: 9 sahihi, 9 mabaya yanayokata 3, faida ni 6. Kundi la 3 analipatia theluthi: 5 sahihi, 10 mabaya yanayokata 3.3, faida ni kama 1.7. Kundi la sifuri kwa wastani halileti wala haliondoi.

Akiacha kila asilokuwa na uhakika nalo anabaki na 46. Akijibu makundi mawili ya kati anatarajia karibu 53.7. Tofauti ya alama zaidi ya saba imetoka kwenye maswali aliyodhani hayajui.

Lakini majaribio yake yakionyesha kwamba kundi la 3 analipatia moja tu katika kila tano, mambo yanageuka: 3 sahihi, 12 mabaya yanayokata 4, hasara ya alama 1. Huyo ajibu kundi la 2 aache la 3. Watu wawili wenye karatasi zinazofanana wanaweza kuwa na uamuzi tofauti, na wote wakawa sahihi.

Neno “wastani” lieleweke vizuri. Mtu mwenye uwezo wa 1 kati ya 3 akijibu maswali 20 ya namna hiyo, katika watu 100 kama yeye kiasi cha 70 watapata faida, 15 watatoka sare na 15 watapoteza. Ukiwa miongoni mwa hao 15 wa mwisho, uamuzi wako haukuwa mbaya. Usibadili mpango kwa sababu ya siku moja.

Hatua ya 6: Angalia umbali wako na alama ya kufaulu

Mpaka hapa tumetafuta alama nyingi kwa wastani. Pale kinachohesabika ni kuvuka mstari tu, kundi la sifuri linapata sura nyingine.

Mstari ni 50. Mtahiniwa wa kwanza ameshajibu kila kinachojibika na anakadiria ana 51. Yamebaki maswali 17 asiyojua chochote. Akiyaotea yote, wastani wake haubadiliki, lakini akipatia matatu au pungufu anashuka chini ya 50, na hilo hutokea mara 35 kati ya 100. Anahatarisha kufaulu kwake bila kununua chochote. Ayaache.

Wa pili ana 46 na maswali hayo hayo 17. Akiyaacha, amefeli. Akiyaotea yote anahitaji kupatia angalau 8, jambo linalotokea kama mara 4 tu kati ya 100. Ni nafasi nyembamba, ila ni kubwa kuliko sifuri, na kufeli kwa 46 na kufeli kwa 44 kwake ni mamoja. Aotee.

Tahadhari ni kwamba makadirio ya alama zako yenyewe yana makosa. Anayedhani ana 51 anaweza kuwa na 48. Tumia hatua hii pale tu umbali unapokuwa dhahiri, au majaribio yako yanapoonyesha kwamba makadirio yako huwa karibu na matokeo. Kwenye mtihani wa kushindania nafasi, ambapo mstari haujulikani mpaka matokeo yatoke, achana na hatua hii ufuate wastani.

Hatua ya 7: Ndani ya chumba

Pita mara ya kwanza ukijibu ya vema tu, na kwa yaliyobaki weka ishara ya 2, 3 au 0 kwenye kijitabu cha maswali. Usiiweke kwenye karatasi ya majibu, mashine inaweza kuisoma kama jibu. Futa machaguo kwa mstari ukiwa bado na swali akilini, ili ukirudi usianze upya.

Mara ya pili anza na kundi la 2, kisha la 3 kama majaribio yako yanaliruhusu. Usitumie dakika tatu kwenye swali la kundi la 3. Faida yake kwa wastani ni sehemu ya tisa tu ya alama, na dakika hizo zingetosha kulipata swali zima kwingine. Likikataa kufutika zaidi, chagua uende.

Kumbuka pia kwamba anayeruka maswali ndiye aliye kwenye hatari ya kujaza jibu la swali la 24 kwenye mstari wa 23, na kosa hilo huendelea hadi mwisho wa ukurasa likikata alama kila mstari. Kila baada ya maswali matano linganisha namba ya swali na namba ya mstari. Ukigundua umeteleza, usifute chochote kwanza. Tafuta swali la mwisho lililokaa sawa, ndipo urekebishe kuanzia hapo.